Usiguse paswedi ukiwa ndani ya VPN, na hiyo simu usiitoe kwenye akaunti

*"Wakuu naombeni msaada. Nipo hosteli, Wi-Fi ni ya jengo zima, na laptopu ina VPN. Nikitaka kuingia kwenye imeili yangu naletewa kapcha za taa za barabarani na pikipiki, nikimaliza moja inakuja nyingine, mwisho inaniambia nijaribu baadaye. Kwenye simu imeili bado inafunguka vizuri. Jamaa ananishauri nizunguke seva za VPN mpaka nipate inayokubali, halafu nibadilishe paswedi nikiwa humohumo, au nipakue VPN nyingine ya bure. Nataka nifanye usiku huu. Pia nitajieni VPN nzuri ya kulipia, na je, mwenye Wi-Fi anaweza kurekebisha upande wake?"*

Usibadilishe paswedi. Kama umeshafungua ule ukurasa wa kusahau nenosiri, ufunge sasa hivi, halafu uje umalizie kusoma.

Huyo jamaa yako namjua. Jina silijui, ila yupo kwenye kila kikundi cha WhatsApp: picha ya wasifu ni mtu aliyevaa hudi gizani, kila tatizo anajibu "badili seva, mkuu", na ukishaharibikiwa anakuuliza kwa nini hukuwa na nakala. Wa kwangu alikuwa na mazoea ya kumalizia ushauri wake na kaalama ka misuli. Misuli yake ilinigharimu mteja.

Sentensi yenye thamani kwenye swali lako umeipitia juu juu: kwenye simu imeili bado inafunguka. Mkuu, hiyo simu ndiyo mali yote uliyobaki nayo. Kapcha za laptopu ni kero tu, zinaweza kukaa hata mwezi na usipoteze kitu. Simu ikitoka kwenye akaunti, hapo ndipo kero inageuka msiba. Na ushauri wa jamaa unaweza kuitoa simu kwenye akaunti moja kwa moja, bila yeye kujua wala wewe kujua.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Nilikuwa safarini, nyumba ya wageni, Wi-Fi yao dhaifu lakini ya bure, na laptopu ina VPN kwa sababu tangu X izibwe hapa Tanzania Mei 2025 nilikuwa naiwasha na kuisahau. Imeili ninayoizungumzia ndiyo iliyounganishwa na akaunti yangu ya malipo na ndiyo niliyokuwa nawasiliana nayo na mteja wa nje. Nikataka kuingia kwenye laptopu nimtumie faili za mwisho na ankara. Kapcha. Nikamaliza, kapcha. Zile picha zikaanza kufifia polepole na kurudi polepole, unasubiri basi litokee kana kwamba upo kituoni. Nikaenda kumuuliza mwenye hudi.

"Badili seva." Nikaenda Uholanzi. Paswedi sahihi, ikakataa. Nikaenda Japani. Paswedi ileile sahihi, ikakataa. Nikaenda Marekani. Nilikuwa najiona mjanja sana, nazunguka dunia nimekaa kitandani na chai haijapoa. Sasa jiweke upande wa mlinzi wa akaunti. Anamwona mtu mwenye paswedi sahihi anabisha kutoka Amsterdam, kisha Tokyo, kisha New York, ndani ya muda ambao hakuna ndege inayoweza kufika. Wezi wa paswedi zilizovuja hufanya kitu hichohicho: wanayo paswedi sahihi, wanaijaribu kupitia anwani za nchi tofauti. Kwa hiyo usahihi wa paswedi yangu haukunisaidia, uliongeza shaka. Ningekuwa nakosea herufi huenda wangenichukulia kama mzee aliyesahau.

Baada ya hapo mwenye hudi akasema: "Hapo reset tu." Nikaomba kubadilisha paswedi, msimbo ukaja kwenye imeili yangu ya akiba, nikauweka, nikaandika paswedi mpya, ikakubali. Nilishangilia! Nilituma mpaka picha ya skrini kwenye kikundi, Mungu anisamehe.

Kilichotokea ni kwamba huduma nyingi, paswedi ikibadilishwa, zinavitoa vifaa vingine vyote vilivyokuwa ndani ya akaunti. Ni ulinzi wa maana kabisa: kama kuna mwizi ndani, atolewe. Ila "kifaa kingine" kwangu ilikuwa simu yangu mwenyewe, kifaa pekee kilichokuwa kinaaminika. Ikaandika kwamba muda wangu umeisha, niingie upya. Nikaingia na paswedi mpya, ikataka uthibitisho wa pili. Nikaenda laptopu, nayo ikataka uthibitisho uleule. Na uthibitisho wenyewe ulikuwa ni ujumbe kwenye namba ya simu niliyoiweka miaka ya nyuma, laini iliyokwishafungwa kwa kukaa bila kutumika. Namba hiyo ningeweza kuibadilisha wakati wowote nikiwa ndani ya akaunti kwenye simu. Asubuhi ileile ningeweza. Sasa siwezi, kwa sababu kubadilisha namba unatakiwa uwe ndani, na kuwa ndani unatakiwa uwe na namba.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaanza kujaza fomu ya kurejesha akaunti, kwenye Wi-Fi ileile ya wageni, VPN mara imewashwa mara imezimwa, kwenye kivinjari kile, kwenye dirisha fiche, kwenye simu ya mhudumu wa mapokezi. Kila jaribio likawa ushahidi mpya dhidi yangu, mpaka ikaandika nimejaribu mara nyingi mno. Niliwatukana sana watu wa huduma ile, ambayo siitaji, na tusi langu kubwa lilikuwa kwamba hawana namba ya kupiga ukaongea na binadamu. Hilo silirudishi.

Mteja alisubiri, akaandika, akaandika tena, akaniaga kwa heshima zote na kazi akampa mwingine. Ujumbe wake wa kuniaga niliusoma akaunti iliporudi, na ilirudi baada ya kufika nyumbani, kuacha kabisa kubisha kwa muda, kisha kufanya urejeshaji kwenye kompyuta ya zamani ambayo nilikuwa naitumia na akaunti ile, kwa intaneti ya nyumbani, VPN imezimwa. Hakuna uchawi mwingine. Na hili halikuwa siri. Google kwa mfano wameandika kwenye kurasa zao za msaada kwamba ukirejesha akaunti tumia kifaa unachokitumia mara kwa mara, kivinjari kilekile, na ukiwa mahali unapoingilia kawaida, nyumbani au kazini. Mwenye hudi hakuwa amesoma. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwenye hudi, sikuona haja ya kusoma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mods wanifungie: kapcha ikikuzungusha, badilisha mtandao, usibadilishe kitu chochote ndani ya akaunti. Si paswedi, si namba, si imeili ya akiba, mpaka uwe kwenye mtandao wako mwenyewe bila VPN.

Sasa kwa nini mtandao. Tovuti haikuoni wewe, inaona anwani ya IP unayotokea. Ukiwa kwenye VPN unatoka na anwani ya seva iliyopo kwenye jengo la kukodisha seva, na tovuti kubwa zina orodha ya mitandao ya namna hiyo. Anwani hiyohiyo inatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakiwemo wanaokwangua data na wanaojaribu paswedi za wizi. Wi-Fi ya hosteli nayo ni hivyo kwa udogo wake: jengo zima linatoka nje na anwani moja, na laptopu moja yenye virusi chumba cha chini inawachafulia wote. Ni daladala iliyosimamishwa kwa sababu ya kibaka mmoja; wote mnashushwa mpekuliwe. Kwako umeweka vyote viwili, halafu unashangaa taa za barabarani.

Dalili ya wazi kwamba tatizo ni anwani: kwenye ile kapcha ya Google ya picha, bonyeza alama ya vipokea sauti. Badala ya kukupa sauti ikikuambia kwamba kompyuta au mtandao wako huenda unatuma maombi ya kiotomatiki, umeshahukumiwa kwa anwani, na ukichagua pikipiki kwa usahihi wa mhandisi haitakusaidia. Na ukitafuta kitu Google ukapata ukurasa wa kulalamikia msongamano usio wa kawaida, angalia chini yake, huwa wanakuandikia anwani ya IP wanayoilalamikia. Linganisha na ya kwako.

Ila kuna mzunguko wa aina nyingine ambao kwenye Wi-Fi dhaifu unatokea sana, na ndio ninaodhani unao: anwani yako haitulii. Ukimaliza kapcha, tovuti inakuachia kidakuzi cha kuonyesha kwamba ulishapita. Kwa tovuti zinazolindwa na Cloudflare kinaitwa `cf_clearance`. Kidakuzi hicho kimefungwa na yule aliyepita. VPN ikikatika kidogo na kurudi, unabisha tena ukiwa na anwani nyingine, kidakuzi kinaweza kukataliwa, na unaanza upya. Kwako wewe inaonekana umefaulu mtihani na kufelishwa papo hapo.

Jipime hivi. Fungua ukurasa huu kwenye kivinjari cha laptopu:

```
https://www.cloudflare.com/cdn-cgi/trace
```

Utaletewa mistari mingi, wewe angalia miwili tu, `ip` na `loc`. Kisha subiri kidogo, pakia upya, subiri, pakia upya, kwa dakika kadhaa. Nilipoujua ukurasa huu (nimechelewa, ndiyo) nikaujaribu kwenye Wi-Fi ya mgahawa VPN ikiwa imewashwa, ikawa inakwenda namna hii. Namba nimeweka za mfano:

```
ip=203.0.113.25
loc=NL
```

na baada ya muda mfupi, bila mimi kugusa kitu:

```
ip=198.51.100.8
loc=TZ
```

Kidogo Mholanzi, kidogo Mtanzania. VPN ilikuwa inadondoka kila Wi-Fi ikiyumba, laptopu inatoka na anwani ya mgahawa, kisha VPN inajirudia. Kale kaalama ka kijani ka VPN muda wote kanasema umeunganishwa. Ukiona `ip` yako inabadilika hivyo, umepata jibu la kwa nini kapcha haziishi, na hakuna seva ya nchi yoyote itakayokuponya maana tatizo ni kamba inayokatika. Ukiona imetulia na bado kapcha zinazunguka, basi ama anwani hiyo imechafuka, ama kivinjari chako ndicho kinakataa vidakuzi au kina kiendelezi kinachozuia skripti. Angalia pia saa ya laptopu kama iko sahihi, hasa kama betri yake ni ya kuhurumiwa.

Kutofautisha mtandao na kivinjari ni rahisi, na ndipo mwenye hudi anapokosea siku zote, maana yeye anabadilisha vitu vyote kwa pamoja halafu hajui kipi kilisaidia. Badilisha kimoja. Laptopu ileile, kivinjari kilekile, ila toka kwenye Wi-Fi ya hosteli uingie kwenye hotspoti ya simu yako, VPN imezimwa. Kapcha zikipungua ghafla, ni mtandao. Zikibaki vilevile, huenda ni kivinjari, zima viendelezi kimoja kimoja. Na usinichanganye na wale wanaoletewa ukurasa wa Cloudflare wenye kosa namba 1020. Hiyo ni kwamba mwenye tovuti ameweka kanuni ya kukuzuia, hakuna kapcha ya kumaliza hapo.

Kwa hiyo usiku huu, badala ya huo mpango wako, fanya hivi. Shika simu, zima VPN ya simu kama ipo, zima Wi-Fi, washa data. Nunua bando dogo, hii si kazi ya GB nyingi. Ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti ukiwa kwenye simu hiyohiyo na uangalie namba ya simu iliyoandikwa pale. Ni laini unayoishika mkononi leo? Kama ni ya zamani, hilo ni la kurekebisha ukiwa hapo, kwenye data yako, siyo kwenye VPN. Kisha chukua misimbo ya akiba. Kama akaunti ni ya Google na una uthibitishaji wa hatua mbili, wanakupa misimbo 10 ya tarakimu 8, kila mmoja unatumika mara moja. Iandike kwenye daftari. Usiihifadhi ndani ya imeili hiyohiyo, na usicheke, kuna watu tumefanya.

Hapo ndipo uwashe hotspoti na kuileta laptopu. VPN ya laptopu izimwe kweli, pamoja na ile ya ndani ya kivinjari inayokaa kama kiendelezi, maana hiyo watu huisahau. Fungua ule ukurasa wa trace, hakikisha `loc` ni nchi uliyopo na `ip` haihamihami. Halafu ingia mara moja, kwa paswedi yako ya siku zote. Simu ikiuliza kama ni wewe, kubali. Ikikuambia jaribu baadaye, funga laptopu ukalale, usibishe tena usiku huo. Kila kubisha kunaweza kuongeza muda.

Data ya simu nayo si safi kwa asilimia mia. Kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa sababu anwani za IPv4 zimekuwa adimu, kwa hiyo unaweza kuangukia anwani iliyochafuliwa na mtu usiyemjua. Ukiona kapcha hata kwenye data, washa hali ya ndege, subiri kidogo, izime; mara nyingi unapewa anwani nyingine. Fanya hivyo *kabla* ya kujaribu kuingia, siyo katikati. Ukibadilisha katikati umerudi kwenye mzunguko uleule wa kidakuzi.

Ukishaingia na unaihitaji VPN kwa mambo yako mengine, tafuta kwenye programu yake sehemu ya kuchagua programu zipi zipite nje ya VPN, uitoe imeili na mambo ya fedha humo. Washa na ile ya kuzuia intaneti VPN inapokatika, ili usiwe Mholanzi nusu saa.

Na hiyo VPN ya bure anayokusukumia jamaa, hapana. Baadhi ya hizo hazikupi anwani tu, zinachukua na ya kwako na kuwauzia wengine. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliojengwa kwa VPN za bure kama MaskVPN, DewVPN, PaladinVPN, ShieldVPN na ShineVPN. Kompyuta za Windows za watu zikageuzwa njia ya kupitishia uhalifu, anwani za IP zaidi ya milioni 19, bila wenyewe kujua. Sasa fikiria: unaweka VPN ya bure kukimbia kapcha, wezi wanatoka na anwani ya nyumbani kwako, na kesho unaletewa kapcha hata ukiwa umeizima. Kama mojawapo ya hizo ipo kwenye laptopu yako, ing'oe kabla ya hayo yote niliyoandika juu.

Ukimaliza leta hapa mistari miwili ya `ip` na `loc`, moja ya Wi-Fi ya hosteli ukiwa na VPN na moja ya hotspoti bila VPN, tuone. Futa tarakimu za mwisho za `ip` kabla ya kubandika. Na mwenye hudi akija kwenye uzi huu kutoa ushauri, mwambieni kwanza alete picha ya simu yake ikiwa bado ndani ya akaunti.